Barua ya Wazi kwa Kamati ya Uwekezaji: Msituingize Sokoni kwa Sababu Bei Imeshapanda

Kwa Mwenyekiti, Mweka Hazina na Wajumbe wa Kamati ya Uwekezaji ya mfuko wetu wa akiba,

YAH: PENDEKEZO LA KUONGEZA HISA ZA TEKNOLOJIA KUTOKA ASILIMIA 25 HADI ASILIMIA 40 YA MALI YA MFUKO

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiwa mwanachama, na sijawahi kuandika barua ya namna hii. Tangu pendekezo hili litajwe kwa mara ya kwanza nimewaandikia mara tatu faraghani. Barua ya kwanza mlikiri kuipokea, ya pili haikujibiwa, na ya tatu nilijibiwa kwa mdomo nje ya ukumbi kwamba mambo ya soko yana wataalamu wake. Kwa kuwa mkutano mkuu umekaribia, na wanachama wataombwa kunyoosha mikono kuunga mkono jambo ambalo wameelezwa upande mmoja tu, nimeona ni haki yao kuyasoma yale ambayo ninyi mmekwisha kuyasoma.

Niseme mapema kwamba simtuhumu yeyote kwa wizi wala kwa nia mbaya. Nina hakika kila mjumbe anayeunga mkono pendekezo hili anaamini kwamba anatutakia mema, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu viputo vya soko, yaani bei zinazopanda mbali kuliko thamani halisi kisha kuanguka, hukuzwa na watu waaminifu kuliko vinavyokuzwa na matapeli.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sababu mliyoitoa ya kununua ni kwamba bei imepanda.

Katika kikao cha mwisho cha wanachama, Mweka Hazina alituonyesha ukutani mchoro wa bei. Mstari ulianzia kona ya chini kushoto na kuishia kona ya juu kulia, bila tone la kuyumba. Mama mmoja aliyestaafu, aliyekaa safu ya mbele, aliuliza mchoro ulianzia lini. Akajibiwa kwamba ulianzia miezi 18 iliyopita. Akauliza tena: "Na kabla ya hapo?" Swali lake lilipokewa kwa kicheko, tukahamia ajenda nyingine. Mimi sikucheka, kwa sababu ndilo swali pekee la maana lililoulizwa siku ile. Hakuna ukurasa hata mmoja katika kabrasha mlilotugawia unaoeleza kampuni hizi zinapata faida kiasi gani, na kwa bei ya leo mnunuzi analipa kiasi gani kwa kila kipande cha faida hiyo.

Hesabu hiyo si ngumu. Naomba niifanye kwa kampuni ambayo habari zake zimekwisha kujulikana, ili tusibishane juu ya mambo ya kesho. Mwezi Machi 2000, kampuni ya Cisco, inayotengeneza mitambo ya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, ilifikia thamani ya soko ya takribani dola bilioni 555, na kwa muda mfupi ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Julai 2000 ilipata faida halisi ya takribani dola bilioni 2.7. Ukigawa, unaona kwamba mnunuzi alikuwa analipa zaidi ya miaka 200 ya faida ya kampuni.

Watetezi wa bei ile walisema faida itakua, na walisema kweli. Lakini mwekezaji mwangalifu haishii kuuliza kama faida itakua. Huianza hesabu kutoka mwisho na kurudi nyuma, akiuliza ni lazima ikue kiasi gani ili bei ya leo iwe ya haki. Tuseme mnunuzi wa Machi 2000 alitaka mtaji wake ukue kwa asilimia 10 kwa mwaka kwa muda wa miaka 10. Thamani ya kampuni ingelazimika kufika takribani dola bilioni 1,440. Tuseme pia kwamba wakati huo, kampuni ikiwa imekomaa, soko lingekubali kuilipia mara 25 ya faida yake, jambo ambalo bado ni ukarimu. Basi faida ya mwaka ingelazimika kuwa takribani dola bilioni 58, yaani zaidi ya mara 21 ya ile ya mwaka 2000. Ili kufika huko ni lazima faida ikue kwa takribani asilimia 36 kila mwaka, miaka 10 mfululizo, bila kukosa hata mwaka mmoja.

Sasa tazameni kilichotokea. Cisco haikufilisika wala haikuwa kampuni ya kitapeli, na mtandao ulienea kama ilivyotabiriwa. Katika mwaka wa fedha wa 2010 mauzo yake yalikuwa takribani dola bilioni 40, zaidi ya maradufu ya yale ya mwaka 2000, na faida ilikuwa karibu dola bilioni 7.8, yaani karibu mara tatu. Hata hivyo hisa iliyonunuliwa kwa takribani dola 80 pale kileleni ilikuwa inauzwa, katikati ya mwaka 2010, kwa chini ya theluthi moja ya bei hiyo. Mnunuzi aliitambua kampuni sawasawa, akautambua mustakabali wa teknolojia sawasawa, na bado akapoteza, kwa sababu alikwisha kulipia mapema mafanikio ambayo hata kampuni iliyofanikiwa haikuweza kuyafikia.

Ninakaa juu ya mfano huu kwa sababu kila nilipohoji pendekezo lenu niliambiwa: "Lakini teknolojia hii ni ya kweli." Ninakubali kwamba ni ya kweli. Viputo vikubwa mara nyingi huota juu ya kitu cha kweli, kwa sababu kitu cha uongo mtupu hakiwezi kuwashawishi watu makini kwa muda mrefu. Ukweli wa teknolojia hauelezi kama bei yake inafaa. Nimeiomba hesabu hii ya kurudi nyuma kwa kampuni tano kubwa tulizonazo, na hadi leo sijaipata.

2. Mwaka jana mlikataa, na tangu hapo kilichobadilika ni bei tu.

Kumbukumbu za kikao cha mwaka jana, ambazo ninazo, zinasema kwamba Kamati "imeona bei ziko juu na haitaongeza uwekezaji katika sekta hii". Ulikuwa uamuzi wa busara na niliwapongeza kwa maandishi. Tangu siku ile bei zimepanda kwa zaidi ya nusu, na sasa Kamati ile ile inapendekeza kununua. Kama kitu kilikuwa ghali mwaka jana, na faida ya kampuni haikukua kwa kasi ya bei, basi leo ni ghali zaidi. Hakuna taarifa mpya ya faida iliyoambatanishwa, na hakuna maelezo kwamba hesabu ya mwaka jana ilikosewa. Kilichopo ni sentensi moja katika ukurasa wa pili, inayosema kwamba mifuko mingine inayofanana na wetu imepata faida kubwa huku sisi tukibaki nyuma.

Waheshimiwa, sentensi hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na ningependa mnisikilize hapa kwa utulivu.

Mwaka 1720 huko Uingereza, hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilikuwa takribani pauni 128 mwezi Januari. Isaac Newton, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi mkuu wa kiwanda cha serikali cha sarafu na hakuna aliyemzidi kwa hesabu, alikuwa na hisa hizo, akaziuza majira ya kuchipua kwa faida nzuri. Hapo alikuwa amefanya jambo ambalo kila mwekezaji mwangalifu hutamani kulifanya. Lakini bei iliendelea kupanda. Waliobaki walizidi kutajirika mbele ya macho yake, naye kabla majira ya joto hayajaisha alikuwa amerudi sokoni na kununua kwa bei ya juu kuliko aliyouzia. Bei ilifika karibu pauni 1,000, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imerudi chini ya pauni 200. Newton alipoteza fedha nyingi sana.

Kwa kawaida tunadhani kwamba anayechelewa kuingia ni mtu asiyejua, aliyesikia habari za soko mwisho kabisa. Wapo wa namna hiyo, lakini wapo pia wale waliojua, wakakataa, wakasubiri, na uvumilivu wao ukaisha. Kukataa mara ya kwanza hakuumizi, kwa kuwa bado hujaona ulichokosa. Ugumu ni kukataa mara ya tatu, baada ya kuonekana mjinga kwa miaka miwili. Ndiyo maana uamuzi wa tahadhari usioandikwa kama kanuni hauna nguvu, kwani unategemea moyo wa mtu siku ile, na moyo wa mtu hubadilishwa na utajiri wa jirani.

3. Mnataka kununua kwa fedha za mkopo.

Kiambatisho cha pendekezo kinasema kwamba sehemu ya ununuzi italipiwa kwa kuuza hatifungani zetu, na sehemu nyingine kwa mkopo ambao dhamana yake ni hizo hisa zenyewe. Sielewi jambo hili lilipitaje.

Mkopo wa kununulia hisa una tabia moja mbaya. Bei inapopanda dhamana inakua, na benki iko tayari kukukopesha zaidi. Bei inaposhuka dhamana inapungua, na benki inakudai uongeze fedha au uuze. Kwa hiyo mkopo unakufanya ununue bei ikiwa juu na uuze bei ikiwa chini, kinyume kabisa cha unachotaka. Wengi wakiwa katika hali hiyo kwa pamoja, kuuza kwa mmoja kunashusha dhamana ya mwingine, naye analazimika kuuza. Nchini Marekani, mikopo ya wateja ya kununulia hisa ilifika kilele mwezi ule ule wa Machi 2000 ambao soko lenyewe lilifika kilele. Na katika Bahari ya Kusini, kampuni yenyewe iliuza hisa kwa awamu. Mwezi Juni 1720 mtu aliweza kupata hisa ya pauni 1,000 kwa kulipa pauni 100 tu siku ile, na nyingine baadaye, huku kampuni ikiwakopesha watu fedha kwa dhamana ya hisa zake. Kila aliyedhani ana hisa moja alikuwa na sehemu ya kumi ya hisa na deni la sehemu tisa.

Ndiyo maana, nikiulizwa ni dalili gani ya kiputo inayostahili kutazamwa kwanza, sitaji bei. Ninataja mkopo. Bei kubwa iliyolipwa kwa akiba za watu inaweza kudumu kwa muda mrefu au kushuka polepole, ilhali iliyolipwa kwa deni ina siku ambayo itadaiwa.

4. Hamtaji dalili kwamba soko limeacha kufanya hesabu.

Nitakuwa mfupi hapa, ingawa habari yenyewe hunishangaza kila ninapoirudia. Tarehe 2 Machi 2000, kampuni ya 3Com iliuzia umma takribani asilimia 5 ya kampuni yake tanzu iliyoitwa Palm, na kutangaza kwamba hisa zilizobaki za Palm itawagawia wanahisa wake baadaye mwaka huo. Mwenye hisa moja ya 3Com angepata takribani hisa moja na nusu ya Palm. Jioni ile hisa ya Palm ilifunga ikiwa dola 95, na hisa ya 3Com ikafunga ikiwa karibu dola 82. Hisa moja na nusu za Palm peke yake zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 140. Maana yake ni kwamba soko lilikuwa linasema sehemu iliyobaki ya 3Com, yenye biashara, wafanyakazi na fedha taslimu benki, ina thamani chini ya sifuri. Aliyeitaka Palm angeweza kununua 3Com kwa bei ndogo na kuipata Palm kama nyongeza, lakini watu walikimbilia Palm moja kwa moja, na wachache walioona kosa walishindwa kulirekebisha kwa kuwa hisa za Palm za kuazima na kuziuza, ili bei yake ishuke, hazikupatikana kwa urahisi.

Siku nane baadaye fahirisi ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa katika soko la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kilele chake.

Sidai kwamba tuna mfano ulio wazi kiasi hicho leo. Ninachodai ni kwamba Kamati ingepaswa kuitafuta mifano ya namna hiyo na kutuambia ilichokipata: kampuni tanzu iliyo na thamani kuliko mama yake, kampuni iliyobadilisha jina tu na bei ikaruka, hisa mpya zinazotolewa sokoni kwa wingi na wale wale wanaoijua biashara kutoka ndani. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu mwenye kampuni anapokuwa na haraka ya kuuza, mnunuzi anapaswa kujiuliza mwenzake anajua nini.

Ninajua majibu mtakayotoa, kwa kuwa baadhi yake nimekwisha kuyasikia. Nitayajibu kwa haki kadiri ninavyoweza.

Mtasema kwamba hakuna ajuaye kilele kitafika lini. Hilo ni kweli, na mimi pia sijui. Tarehe 5 Desemba 1996 Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aliuliza hadharani kama bei za mali zimepandishwa na furaha isiyo na msingi. Nasdaq ilikuwa takribani 1,300. Aliyeuza kila kitu siku ile alitazama fahirisi ikipanda kwa zaidi ya miaka mitatu hadi ikafunga ikiwa 5,048 tarehe 10 Machi 2000. Ingekuwa uongo kuwaambia wanachama kwamba tahadhari haina gharama. Lakini tarehe 9 Oktoba 2002 fahirisi hiyo ilifunga ikiwa 1,114, yaani chini ya ilipokuwa siku ya hotuba ile. Aliyetahadhari mapema aliaibika kwa miaka mitatu na hakupoteza mtaji. Aliyeingia mwishoni alipoteza karibu asilimia 78, na kilele cha mwaka 2000 hakikufikiwa tena hadi 2015. Wengi wa wanachama wetu hawana miaka 15 ya kusubiri. Kwa hiyo kutojua kilele hakutupi ruhusa ya kuongeza, bali kunatulazimu kupanga kiasi ambacho tunaweza kukipoteza.

Mtasema tutatoka mara tu dalili za kushuka zitakapoonekana. Hapo ninaomba mtazame namna soko linavyoshuka. Nasdaq haikuporomoka kwa siku moja. Kufikia tarehe 14 Aprili 2000 ilikuwa imeshuka hadi takribani 3,321, ambayo ni hasara ya theluthi moja katika wiki tano. Wangapi wangeuza hapo, wakiwa wameshapoteza theluthi? Waliosubiri walizawadiwa kwa muda, maana katikati ya Julai fahirisi ilikuwa imepanda tena hadi karibu 4,270, na magazeti yaliandika kwamba hatari imepita. Mwaka uliisha ikiwa 2,470. Njiani kuelekea chini kuna mapumziko yanayofanana kabisa na kupona, na kila moja linamfundisha mwekezaji kuvumilia mahali ambapo alipaswa kuondoka. Kamati inayokutana mara moja kila robo mwaka haiwezi kujigamba kwamba itakuwa na kasi ya kutoka.

Mtasema wanachama watahamia mifuko mingine. Hoja hii siipuuzi, kwa sababu imewamaliza watu wenye uwezo kuliko sisi. Julian Robertson, aliyeongoza mfuko mkubwa wa Tiger, alikataa kununua hisa za teknolojia kwa bei za wakati ule, wateja wakaondoa fedha zao, naye akatangaza kuufunga mfuko mwezi Machi 2000, mwezi wa kilele chenyewe. Hesabu yake ilikuwa sahihi na bado akashindwa kuendelea. Ninachojifunza humo ni kwamba mfuko wenye tahadhari unahitaji ridhaa ya wanachama mapema, iliyoandikwa, ili msimamo wa Kamati usiwe siri yake peke yake. Na ridhaa hiyo haipatikani kwa kutuonyesha mchoro wa miezi 18.

Sasa naomba niweke mezani hesabu ya pendekezo lenu na hesabu ya njia nyingine. Nitaacha mkopo kando ili pendekezo lionekane kwa sura yake nzuri.

Tuseme mfuko ulianza ukiwa na vipande 1,000, ambapo 100 viliwekwa katika hisa hizi na 900 katika mali nyingine. Bei ya hisa ikapanda mara tatu huku vile 900 vikibaki palepale. Sasa tuna 1,200, na hisa ni 300, yaani asilimia 25. Hapo ndipo tulipo leo, kwa makadirio ya karibu. Tuchukue njia tatu, kisha tuone itakuwaje hisa zikishuka kwa asilimia 78 kama Nasdaq ilivyoshuka.

Njia yenu ni kufikisha hisa asilimia 40, yaani 480, na kubakisha 720 kwingine. Baada ya anguko, 480 zinakuwa takribani 106, na mfuko mzima unabaki na 826. Tumepoteza karibu theluthi ya tulichonacho leo, na tuko chini sana ya tulipoanzia, ingawa tulikuwa wamiliki wa hisa zilizopanda mara tatu.

Njia ya kutofanya kitu ni kubaki na 300. Baada ya anguko zinakuwa 66, na jumla ni 966. Tumerudi karibu na mwanzo.

Njia ya ukomo ni kuamua kwamba sekta moja haitazidi asilimia 15 ya mfuko, na kila inapozidi tunauza kinachozidi bila mjadala. Leo tungebaki na 180 na kuhamisha 120. Baada ya anguko, 180 zinakuwa takribani 40, na jumla ni 1,060. Tumebaki na faida.

Haki inanilazimu nionyeshe upande wa pili. Kama bei, badala ya kuanguka, itapanda maradufu tena, njia yenu itafikisha mfuko 1,680, na njia ya ukomo itaufikisha 1,380. Tofauti hiyo ya 300 ndiyo gharama ya tahadhari, nami ningeisoma kwa sauti mbele ya wanachama kabla ya kura. Lakini wasomewe pia kwamba aliyebaki na 826 anahitaji kupata zaidi ya asilimia 45 ili tu kurudi 1,200, na kwamba kati yetu wapo watakaostaafu kabla ya hapo.

Uzuri wa ukomo ni kwamba hautuhitaji tujue kama hiki ni kiputo. Mkiwa sahihi ninyi, bado tunashiriki katika kupanda. Nikiwa sahihi mimi, tumekuwa tukiuza kidogo kidogo njiani, wakati wanunuzi wako wengi.

Kwa hayo yote, ninaiomba Kamati mambo yafuatayo kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza, mliondoe pendekezo la mkopo moja kwa moja, hata kama mengine yote mtayakataa.

Pili, mwandike ukomo wa sekta moja katika kanuni za mfuko. Nimependekeza asilimia 15, lakini niko tayari kujadili namba, mradi iwe imeandikwa na ibadilishwe tu na mkutano wa wanachama, tena baada ya miezi sita tangu mabadiliko yapendekezwe. Miezi hiyo sita ina kazi yake, kwa sababu shauku ya kununua mara nyingi haiishi muda huo.

Tatu, kila ununuzi mpya unaopendekezwa uambatane na ukurasa mmoja wa hesabu ya kurudi nyuma, kama niliyoifanya kwa Cisco: bei ya leo, faida ya leo, na kasi ya ukuaji inayohitajika ili bei hiyo iwe ya haki. Mjumbe anayeamini kwamba kasi hiyo itafikiwa atie sahihi chini yake. Kupanda kwa bei kusikubaliwe tena kuwa sababu ya kununua.

Nne, kama baada ya yote wanachama wataamua kuongeza, ununuzi ufanyike kwa sehemu sawa kila mwezi kwa muda usiopungua miezi 24, ili tusiwe tumenunua vyote katika wiki ya kilele. Hii haiondoi hatari. Kiputo kinachoendelea kukua kwa miaka miwili kitatukuta tumeshajaza, na ndiyo sababu nimeliweka ombi hili baada ya ukomo na si badala yake.

Tano, mchoro wa bei utakaoonyeshwa mkutanoni uanzie pale data zinapoanzia, na si miezi 18 iliyopita. Yule mama wa safu ya mbele anastahili jibu la swali lake.

Ninaomba majibu ya maandishi siku 14 kabla ya mkutano, ili wanachama wapate muda wa kuyasoma. Niko tayari kufika mbele ya Kamati siku yoyote mtakayoniita, pamoja na karatasi za hesabu zangu, ili mzikague na kunionyesha nilipokosea. Iwapo mtanionyesha, nitaandika barua nyingine ya wazi kulikiri kosa langu. Iwapo sitapata jibu, nitaomba ajenda ya kuahirisha kura iwekwe mezani kwa mujibu wa kanuni zetu, na wanachama 31 wamekwisha kutia sahihi kuiunga mkono.

Wenu katika kuilinda akiba yetu,

Mwanachama wa mfuko, mwaka wa 11